Nina kompyuta moja na diski ya nje moja dukani. Kanuni ya 3-2-1 naitimizaje?

MamaSaruji (bandiko 1, Jumatatu usiku)

Habari za usiku wakuu. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Morogoro: saruji, nondo, rangi, mabomba, misumari. Kaunta kuna kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 na diski ya nje moja ya 1 TB. Programu ya mauzo alinitengenezea kijana mmoja miaka minne iliyopita. Inafunguka ndani ya kivinjari, na kila asubuhi lazima kwanza nifungue kile kidirisha cha XAMPP nibonyeze Start mara mbili, ndipo ifanye kazi.

Wiki iliyopita jirani yangu, duka la tatu kutoka kwangu, alivunjiwa usiku. Walibeba kompyuta, na diski yake ya nje ilikuwa imechomekwa nyuma, ikaondoka nayo. Kompyuta ameshanunua nyingine. Kilichomuumiza ni daftari la madeni, maana lilikuwa humo humo. Mafundi waliochukua mabati na nondo kwa mkopo anawakumbuka kwa kichwa tu. Wawili wamekuja wenyewe kulipa. Wengine siku hizi wanapita barabara ya nyuma.

Nimekuwa nikisoma kuhusu kanuni ya 3-2-1: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya duka. Mimi kila Jumamosi nakopi foda ya `C:\xampp\mysql\data\duka` naiweka kwenye diski ya nje. Diski huwa haichomolewi, maana nikiichomoa nasahau kuirudisha. Pia picha za ankara na hati za kupokelea mzigo za miaka ya nyuma nilizihamishia huko, kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa.

Je, hapo nimeshafikisha mbili? Na ili nifikishe tatu ninunue nini?

---

Mpambe_wa_Mtandao (bandiko 2)

Dada usinunue chochote. Weka Google Drive kwenye hiyo kompyuta, uielekeze kwenye foda ya duka, basi. Unapewa GB 15 bure na inajipandisha yenyewe kila kitu kikibadilika. Wezi wakija wachukue kompyuta na diski, wewe unafungua akaunti kwenye simu vitu vyako viko pale pale. Hayo mambo ya kubeba diski kwenye mkoba yamepitwa na wakati.

---

Jemadari (bandiko 3)

Pole sana kwa jirani. Zipo programu za kurudisha faili zilizopotea, mwambie asiandike kitu kipya kwenye diski kabla hajaijaribu. Mimi nilirudishiwa picha za harusi yangu zote baada ya flashi kufomatiwa.

---

MamaSaruji (bandiko 4)

@Jemadari asante kaka, ila diski yenyewe haipo. Imeibiwa pamoja na kompyuta.

---

fundi_kaskazi (bandiko 5, Jumanne asubuhi)

Mama, shikamoo. Nimefanya kazi ya kompyuta za maduka kwa miaka kumi na moja, Tanga na Arusha, na maelezo yako yamenipa wasiwasi kidogo, kwa hiyo niyachukue moja moja.

Tuanze na hesabu. Tatu inayosemwa kwenye kanuni inajumuisha ile ya kwanza unayoitumia kila siku. Mauzo yako yapo kwenye kompyuta, moja, na kwenye diski, mbili. Umebakiza moja. Ila zile picha za ankara ulisema *ulizihamisha*. Zilipotoka kwenye kompyuta zikabaki kwenye diski peke yake, kwa hiyo picha hizo zina nakala moja tu duniani. Diski hiyo ikianguka kutoka kaunta hadi sakafuni zimekwisha. Watu wengi sana wanaita diski ya nje bakapu huku wameigeuza stoo. Hii ndiyo kazi ya kwanza, ifanye leo kabla ya nyingine yoyote: zirudishe kwenye kompyuta zikae na huko pia. Kama nafasi haitoshi, angalia kitu gani kimeijaza.

Pili, hiyo diski isiyochomolewa. Chochote kinachoifika kompyuta kinaifika nayo. Mwizi umeshamwona. Upo na umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika, unapita kwenye waya huo huo. Na vipo vairasi vinavyofunga faili na kudai fidia. Vyenyewe havijui ipi ni ya ndani na ipi ni ya nje, vinapita kila herufi vinayoiona, C, D, E. Mwaka juzi nilifungua diski ya nje ya duka moja la jumla, kila faili lilikuwa limeongezewa herufi nne za ajabu mwishoni mwa jina, mpaka nakala za miaka mitatu nyuma. Kijana wa kaunta alikuwa ameweka programu ya kuvunja leseni aliyoipata mtandaoni. Diski ingekuwa kwenye droo, ingepona.

Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi: hiyo foda unayokopi. Umewahi kuifungua kwenye kompyuta nyingine ukaona mauzo yako? Naomba ujaribu kabla sijasema neno.

---

picha_za_pwani (bandiko 6)

Nachangia kutoka Mombasa. Mimi napiga picha za harusi, na hii kanuni ilitoka kwetu. Aliyeieneza ni mpiga picha Mmarekani, Peter Krogh, kwa ajili ya wapiga picha wenye maelfu ya faili. Kwa hiyo niliifuata mapema, nikajiona niko salama.

Nataka kumjibu @Mpambe_wa_Mtandao kwa sababu nilifanya hivyo hivyo. Msaidizi wangu alikuwa anasafisha laptopu, akafuta foda ya harusi moja ya Kilifi akidhani ni marudio. Drive ikatii. Kilichofutwa kwenye laptopu kikafutwa na juu. Kwenye pipa la taka la Drive vitu hukaa siku 30. Bwana harusi alikuja kuomba albamu miezi mitatu baadaye. Nilirudisha pesa, lakini mama mzazi wa bibi harusi alikuwa ameshafariki, na zile zilikuwa picha zake za mwisho. Hilo silisahau.

Kinachojisawazisha kinafuata kompyuta yako ilivyo sasa, na kosa lako kinalifuata pia.

---

Mpambe_wa_Mtandao (bandiko 7)

Pole kaka, hilo la siku 30 ni kweli. Lakini kosa ni la msaidizi, na mwenye duka hafuti foda ya programu ya mauzo. Nabaki na msimamo wangu kwamba kwa mtu mwenye mambo mengi, kinachojiendesha chenyewe kinashinda kinachotegemea kumbukumbu ya mtu.

---

MamaSaruji (bandiko 8, Jumanne usiku)

Nimejaribu kama @fundi_kaskazi alivyosema, na bado moyo unanidunda.

Mwanangu yuko likizo, ana laptopu. Aliweka XAMPP, tukachomeka diski, tukakopi foda ya `duka` ya Jumamosi iliyopita tukaiweka mahali pale pale kwenye laptopu yake. Akafungua phpMyAdmin. Upande wa kushoto majina yote yapo: mauzo, bidhaa, wateja, madeni. Nikashukuru Mungu. Kisha akabonyeza `madeni`, ikatokea nyekundu:

```
#1932 - Table 'duka.madeni' doesn't exist in engine
```

Tukajaribu `mauzo`, hivyo hivyo. Zote. Tumejaribu na foda za miezi ya nyuma, zote vile vile. Ina maana miaka minne nakopi kitu gani?

---

fundi_kaskazi (bandiko 9)

Mama, pole, na hongera kwa kujaribu ungali na kompyuta nzima. Jirani yako angelijua hili baada ya wizi.

Ulichokuwa unakopi ni sehemu tu. MySQL, sehemu ya XAMPP inayotunza data, inaweka faili za kila jedwali ndani ya foda ya `duka`, ndiyo maana majina uliyaona. Lakini daftari lake kuu, linalosema jedwali lipi ni lipi, liko kwenye faili linaloitwa `ibdata1`, na hilo liko foda moja juu, ndani ya `data`. Bila hilo faili, foda yako ni sawa na makabati yenye vibandiko ambayo funguo zake zimebaki nyumba nyingine. Na hata ungekopi `data` yote, ungekuwa unaikopi huku programu inaendelea kuandika, unapata nusu ya hali ya saa nne na nusu ya hali ya saa nne na dakika mbili. Hapa ndipo na wazo la @Mpambe linapokwama: Drive ikielekezwa kwenye foda hiyo itakuwa inapandisha faili zilizo wazi.

Njia sahihi ni kuiomba MySQL yenyewe ikutolee data yote kwa maandishi. Jioni baada ya kufunga hesabu, XAMPP ikiwa bado imewashwa, tengeneza foda `C:\nakala`, kisha fungua Command Prompt uandike:

```
cd C:\xampp\mysql\bin
mysqldump -u root --single-transaction --result-file=C:\nakala\duka.sql duka
```

Kama kijana aliweka pasiwedi ongeza `-p` baada ya `root`. Usiache hilo neno `--result-file` ukatumia alama ya `>` uliyoiona kwenye mafunzo ya mtandaoni, maana ukiwa kwenye PowerShell alama hiyo inaandika faili kwa mtindo ambao MySQL haitaweza kuusoma siku ya kurudisha.

Ikimaliza, fungua `duka.sql` kwa Notepad, nenda mstari wa mwisho kabisa. Lazima uone `-- Dump completed on` na tarehe ya leo. Usipouona, kazi ilikatikia njiani na hilo faili si bakapu.

Halafu likopi kwenye foda `C:\nakala` ya laptopu ya mwanao, washa XAMPP yake, uandike `cd C:\xampp\mysql\bin`, kisha ujaribu:

```
mysql -u root -e "CREATE DATABASE jaribio"
mysql -u root jaribio < C:\nakala\duka.sql
```

Hii ifanyike Command Prompt, PowerShell haikubali hiyo alama ya `<`. Na nakusihi sana: jina liwe `jaribio`, na kamwe usilijaribie kwenye kompyuta ya kaunta ndani ya `duka`. Faili hilo linaanza kwa kufuta jedwali la zamani ndipo liweke lake. Ukirudisha la Jumamosi juu ya duka lenyewe siku ya Jumatano, mauzo ya siku zote za katikati yamekwenda.

---

MamaSaruji (bandiko 10, Jumatano mchana)

Imekubali. Faili lina MB 64. Mstari wa mwisho upo. Kwenye laptopu `jaribio` limefunguka, na risiti ya mwisho ni ile ile ya jana jioni: mifuko 12 ya saruji na binding waya kilo 5, fundi wa Kihonda, amebakiza deni. Nimekaa nikaliangalia hilo deni lake kwenye kioo cha mwanangu kama mtu aliyeona ndugu aliyepotea.

Sasa ya tatu. Intaneti yangu ni bando la simu, MB 64 kila siku ni nyingi.

---

fundi_kaskazi (bandiko 11)

Si nyingi ukiibana, maana ni maandishi matupu yanayojirudia. Weka 7-Zip, bonyeza faili kulia, chagua Add to archive, umbo liwe 7z, weka pasiwedi na utie alama kwenye Encrypt file names. Nategemea itashuka chini ya MB 10. Liite kwa tarehe, mfano `duka-2025-03-12.7z`, kisha lipandishe Google Drive kwa kivinjari, kwa mkono. Usitumie ile inayojisawazisha. Kila siku faili jipya lenye jina lake, la jana halifutwi na la leo. Kwa GB 15 utakaa miaka kadhaa kabla ya kufikiria kufuta, ili mradi barua pepe na picha za simu zisiijaze, maana wanagawana nafasi moja.

Jina la faili lina maana kuliko linavyoonekana. Ukikuta leo jedwali la madeni limevurugika, na lilivurugika Jumatatu bila mtu kugundua, faili la Jumapili lipo.

Diski ya nje sasa ilale nyumbani. Jumamosi moja kwa wiki inakuja dukani, unachomeka, unaweka faili la wiki, unabonyeza Eject, inarudi kwenye mkoba. Angalia inavyokwenda: moto ukitokea Jumamosi saa nne diski ikiwa kaunta, vyote viwili vimeungua, lakini faili la Ijumaa liko Drive. Kompyuta ikiibiwa na akaunti ya Drive nayo ikafungwa, diski iko kabatini nyumbani, utakosa wiki moja kwa wingi. Hujanunua hata flashi.

Na usisahau foda ya `C:\xampp\htdocs` mara moja kwa mwezi. Humo ndimo ilimo programu yenyewe. Kijana akishahama mji, utakuwa na data isiyo na pa kufungukia.

---

mhasibu_mstaafu (bandiko 12)

Nimesoma uzi wote kwa makini. Naongeza mawili kutoka upande wangu.

La kwanza, pasiwedi ya hilo faili. Ukiisahau hakuna fundi wala ofisi itakayoifungua. Iandike kwenye karatasi, iwekwe nyumbani pamoja na hati za kiwanja, na mtu mmoja wa familia ajue ilipo. Usiihifadhi kwenye kompyuta ya dukani, kwa sababu siku utakayoihitaji kompyuta hiyo haitakuwepo. Vivyo hivyo namba ya simu inayofungulia akaunti ya Google. Laini ikiibiwa na simu, unaweza kukwama usiingie mpaka urudishiwe laini.

La pili, zile picha za ankara si za kupuuza. Sheria ya usimamizi wa kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Zikikaguliwa na huna, hoja yako ya manunuzi inakuwa ngumu kuitetea.

Ila sikubaliani na @fundi_kaskazi jambo moja. Kanuni inasema vyombo vya aina mbili. Diski ya ndani na diski ya nje zote ni diski. Zamani tulichoma DVD, hapo kweli zilikuwa aina mbili.

---

fundi_kaskazi (bandiko 13)

Mzee wangu, shikamoo. Kwa maana ya awali ndivyo ilivyokuwa, diski na DVD. Nadhani kilichokusudiwa ni kwamba sababu moja isiue zote mbili. Kompyuta ya mama ikiwa na SSD na diski ya nje ikiwa ya kuzunguka, zinakufa kwa njia tofauti: ya kuzunguka huanza kugonga na kupunguza mwendo, SSD mara nyingi haikuagi. Na Drive ni aina yake kabisa. Mimi nahesabu aina mbili zimetimia.

---

mhasibu_mstaafu (bandiko 14)

Marahaba. Kwa Drive nakubali. Kwa SSD na diski bado nasita, zote zinategemea umeme ule ule na waya ule ule wakati zimeunganishwa.

---

Mpambe_wa_Mtandao (bandiko 15)

Niseme tu nimejifunza hilo la faili zilizo wazi, sikulijua. Lakini swali langu halijajibiwa: siku mama anaumwa, nani anapandisha faili? Wiki mbili mgonjwa, wiki mbili hakuna nakala.

---

MamaSaruji (bandiko 16, Jumapili jioni)

Limeshuka hadi MB 7. Nimepandisha siku nne mfululizo, kwenye bando hata silioni. Diski iko nyumbani, ndani ya begi la chuma.

Swali la @Mpambe ni la kweli, nimelifikiria. Nimemfundisha binti anayenisaidia kutoa faili na kulibana, tumeweka daftari kaunta: tarehe, ukubwa wa faili, saini. Ukubwa nimeuweka kwa sababu Alhamisi faili lililobanwa lilitoka KB 1 tu. Alikuwa ameshazima XAMPP kabla ya kuandika amri. Kama tungeandika "tayari" peke yake tusingejua. Pasiwedi ya Drive sijampa, anaweka kwenye foda mimi napandisha kwa simu yangu nikifika. Kwa hiyo nikiumwa kweli, faili zitakuwa dukani tu hadi nipone, hilo bado sijalitatua.

Picha za ankara ni GB 9. Kompyuta ilijazwa na filamu za msaidizi wa zamani, nimezifuta, picha zimerudi, sasa ziko mahali pawili. Kuzipandisha GB 9 kwa bando sina uwezo mwezi huu. Mwanangu anasema atazipandisha chuoni akirudi, kwenye intaneti ya bure. Je, zikae kwenye flashi kwa dada yangu Kilosa kwa sasa?

---

picha_za_pwani (bandiko 17)

Flashi ya GB 16 au 32 inatosha kwa kuanzia. Lakini flashi iliyokaa kwenye droo bila kuwashwa usiiamini miaka. Kila ukienda Kilosa ichomeke, fungua picha tano za foda tofauti, zisifunguke tu kwa jina, zionekane mpaka maandishi yasomeke. Na zibane kwa pasiwedi kwanza, mna namba za simu za wateja humo.

---

fundi_kaskazi (bandiko 18)

Naunga mkono. Na mama, lile jaribio la laptopu lirudie kabla mwanao hajaondoka na laptopu yake, safari hii uchukue faili la kwenye Drive, si la kwenye kompyuta. Lishushe, lifungue kwa pasiwedi ya kwenye karatasi, uone kama ulivyoiandika ndivyo ilivyo.

---

MamaSaruji (bandiko 19)

Nimefanya sasa hivi. Herufi moja kubwa nilikuwa nimeiandika ndogo kwenye karatasi. Nimesahihisha, limefunguka.